Daftari la Matangazo ya Washindani

Kwa muda mrefu tangazo la biashara lililotolewa kwa njia ya simu lilikuwa siri baina ya mtangazaji na yule aliyelengwa nalo, kwani mtu wa tatu, hata awe jirani wa duka kwa duka, hakuwa na njia ya kulisoma ila kwa bahati ya kukutana nalo kwenye simu yake. Siri hiyo ilianza kuvuliwa mwezi wa Mei 2018, pale kampuni ya Facebook, kufuatia lawama zilizoiandama baada ya uchaguzi wa Marekani wa 2016, ilipofungua hifadhi ya matangazo ya siasa. Na mwezi wa Machi 2019 hifadhi hiyo ilipanuliwa, ikaitwa Ad Library, ikawa inaonyesha kila tangazo linaloendelea kulipiwa katika mitandao ya kampuni hiyo, liwe la chama, la benki, au la fundi wa vitanda. Hakuna ada, na mtu hahitaji hata kuwa na akaunti ili aingie.

Mimi niliingia humo kwa ajili ya vitanda. Mjomba wangu ana karakana ya samani Keko, katika jiji la Dar es Salaam, mahali ambapo mafundi wa mbao wamepangana kandokando ya barabara kiasi kwamba mnunuzi akikataa bei ya mmoja huhitaji hatua chache tu kumfikia wa pili. Nami nilikabidhiwa kazi ya kutangaza vitanda vyake vya mninga katika Instagram na Facebook, kazi ambayo nimeifanya tangu hapo kwa ajili yake na kwa ajili ya wafanyabiashara wengine. Katika kazi hiyo nimejifunza jambo moja ambalo ndilo shabaha ya makala haya: kwamba maktaba ya matangazo, jinsi ilivyo kwa nchi zetu, huonyesha matangazo yaliyo hai peke yake, ilhali elimu kubwa imo katika kujua ni yapi yaliyokufa, lini yalikufa, na ni yapi yaliyofufuliwa na wenyewe, na elimu hiyo haimo ndani ya maktaba bali hupatikana kwa daftari la mtu anayeizuru kwa utaratibu.

Njia ya kuingia ni nyepesi. Mtu huandika anwani facebook.com/ads/library, huchagua nchi, kisha huchagua "All ads" ili asifungiwe kwenye matangazo ya siasa, kisha huandika ama jina la ukurasa wa mshindani ama neno linalotumika katika matangazo ya biashara hiyo. Kuchagua nchi si jambo la kupuuzwa, kwa sababu maktaba huonyesha matangazo yaliyopelekwa kwa watu wa nchi iliyotajwa, hata mtu aliyechagua Kenya kwa kughafilika aweza kudhani kuwa mshindani wake wa Keko ameacha kutangaza. Na katika kutafuta kwa neno yafaa mtu aandike kama wateja wanavyosema, si kama kamusi isemavyo: mimi niliandika "kitanda", kisha "vitanda", kisha "sofa", kisha "makochi", na kila neno likanitolea kurasa ambazo lile jingine halikunitolea. Nikishaujua ukurasa niliandika jina lake, ili nione matangazo yake yote kwa pamoja.

Kila tangazo huonekana katika kadi yake. Juu ya kadi kuna neno "Active", chini yake namba ya utambulisho iitwayo "Library ID", kisha tarehe iliyotanguliwa na maneno "Started running on", kisha alama za mahali linapoonekana, Facebook, Instagram na kwingineko. Ndipo hufuata maneno, picha au video yenyewe, na kitufe, ambacho kwa wauzaji wetu aghalabu humpeleka mteja WhatsApp. Mara nyingine kadi husema kwamba matangazo kadhaa yanatumia picha na maneno yaleyale, na hiyo ni dalili kuwa mtangazaji ameyapeleka kwa makundi mbalimbali ya watu au ameongeza nguvu mahali alipoona matunda. Lakini kwa tangazo la biashara katika Tanzania au Kenya kadi haisemi ni fedha kiasi gani imetumika, haisemi ni watu wangapi wameliona, wala haisemi ni nani aliyenunua. Hivyo msomaji hubakiwa na vitu vitatu vya kuchunguza: ahadi iliyotolewa, umbo lililotumika kuitoa, na tarehe.

Tarehe ndiyo iliyowavuta wengi, kwa hoja ambayo yaonekana haina kasoro: mfanyabiashara hataendelea kulipia tangazo lisilomletea faida, basi lililoishi miezi mingi lazima linafaa, na lililozimwa upesi lazima lilishindwa. Hoja hiyo ina kweli ndani yake, hasa kwa makampuni makubwa yenye watu wanaokagua hesabu ya kila siku na kuzima kila kisicholeta fedha. Walakini, mtu akiitumia kama ilivyo kwa wauzaji wa Keko, au wa Kariakoo, au wa barabara ya Biashara ya Nairobi, itamdanganya kwa pande zote mbili.

Upande wa kwanza ni huu. Wauzaji wetu wengi hawajengi kampeni. Wao hubusti, yaani huchukua posti waliyokwisha kuiweka kwenye ukurasa, wakailipia kwa siku tatu, tano au saba, na siku zikiisha tangazo nalo huisha. Kuisha kwake si hukumu ya kushindwa, ni kuisha kwa fedha iliyowekwa. Na kwa kuwa maktaba huliondoa tangazo la biashara la huku kwetu mara linapozimwa, mchunguzi atakayekuja wiki inayofuata hataliona kabisa, wala hatajua kuwa lilikuwako. Mwenye posti akiona wateja wamekuja, huilipia tena baada ya siku kadhaa, pengine baada ya mshahara wa mwisho wa mwezi. Ndipo picha ileile na maneno yaleyale hurudi katika maktaba yakiwa na namba mpya na tarehe mpya ya kuanza, kana kwamba ndiyo kwanza yanazaliwa. Anayesoma tarehe peke yake atasema tangazo hili lina siku mbili. Ukweli ni kwamba limelipiwa mara nyingi, na kila malipo ni ushahidi wa mtu aliyetoa fedha yake mfukoni kwa mara nyingine baada ya kuyaona matokeo. Kwa hiyo kwa wauzaji wa namna hii kipimo cha haki si urefu wa maisha ya tangazo moja, bali ni idadi ya marejeo yake.

Upande wa pili ni tangazo linaloishi pasipo mtu kulitunza. Mtu alilianzisha kwa bajeti ndogo ya kila siku bila kuweka tarehe ya mwisho, akashughulika na mengine, nalo likaendelea kula shilingi zake kidogo kidogo. Katika maktaba tangazo hilo litakuwa na tarehe ya kale kuliko wenzake wote, na mwanafunzi mwenye haraka atalitukuza.

Ndiyo sababu nilifungua daftari. Kila Jumatatu asubuhi, kabla karakana haijachangamka, nilipita kurasa za washindani watatu niliowachagua kwa kuwa wanauza bidhaa kama zetu, kwa bei zinazokaribiana na zetu, kwa watu wa jiji lilelile. Kwa kila tangazo niliandika jina la ukurasa, namba, tarehe ya kuanza, maneno matano ya mwanzo, ahadi kwa sentensi moja, umbo, na mahali kitufe kinapompeleka mteja. Kisha nikahifadhi picha ya kadi, kwa kuwa namba ya tangazo lililozimwa haitamfikisha mtu popote. Na mbele ya kila mstari niliacha visanduku vya wiki zijazo, nikitia alama wiki tangazo linapoonekana na kuacha wazi wiki lisipoonekana. Muhimu kuliko yote, sikuipa mstari mpya namba mpya iliyokuja na picha ya zamani; niliiandika katika mstari uleule, kwa maana nilichokuwa nikikifuatilia si namba bali ni muungano wa picha, maneno na ahadi.

Nilianza mwezi wa Februari 2024, na baada ya miezi michache washindani wale watatu walikuwa wamejitenga wenyewe katika daftari kwa namna ambayo ziara moja isingeweza kunionyesha.

Wa kwanza alitangaza kwa wingi kuliko wote. Kila wiki alikuwa na picha mpya, na kila picha ilibeba punguzo: asilimia ishirini, asilimia thelathini, "bei ya kutupa", "mwisho Jumapili". Mtu aliyemtazama siku moja angesema huyu ndiye anayeuza. Lakini mistari yake katika daftari ilikuwa na alama moja moja tu, na baada ya alama hiyo uwazi mpaka mwisho wa ukurasa. Hakuna hata tangazo moja alilolirudia. Alikuwa akitafuta, na kwa kadiri daftari lilivyonionyesha, alikuwa hajapata.

Wa pili alikuwa na sofa nzuri iliyopigwa picha kitaalamu, tangazo lililoanza mwezi wa Septemba wa mwaka uliotangulia na kuendelea bila kukatika. Kwa kipimo cha tarehe lilikuwa bingwa. Nilipolisoma neno kwa neno niliona kuwa bado linaahidi kupeleka mzigo "kabla ya Krismasi", na hiyo Krismasi ilikwisha kupita. Nilipoufungua ukurasa wenyewe, posti ya mwisho ilikuwa ya Novemba. Dalili hizo mbili, ahadi iliyokwisha muda na ukurasa uliolala, zatosha kumwonya mtu asijenge rai yoyote juu ya umri wa tangazo la aina hiyo.

Wa tatu ndiye aliyenifundisha. Alikuwa na video moja isiyozidi dakika, iliyopigwa kwa simu ndani ya nyumba ya mteja: fundi anafunga boriti za pembeni za kitanda, anapanga chaga, kisha anapanda na kusimama katikati kwa miguu yote miwili, na sauti yasema, "Lipa nusu leo, nusu nyingine ulipe kitanda kikishafungwa chumbani kwako." Hapakuwa na punguzo wala bei. Video hiyo ilionekana wiki mbili, ikapotea, ikarudi na namba nyingine, ikapotea, ikarudi tena; na mahali mwenyewe alipojaribu maneno mengine juu ya video ileile, maneno hayo hayakudumu, yakarejeshwa yale ya nusu kwa nusu. Mstari wake ulikuwa na alama nyingi kuliko wote, na mapengo yake yalikuwa na mwendo, kwa kuwa aghalabu alizima katikati ya mwezi na kuwasha mishahara ilipokaribia.

Hapa yapasa kusema juu ya majira, kwa sababu yanaweza kuiharibu hesabu nzima. Ramadhani ya mwaka huo ilianza mwezi wa Machi na Idi ikawa Aprili 10, na kwa wauza samani wa pwani wiki za kuelekea Idi ndizo ambazo watu hubadilisha makochi na kupaka rangi kuta. Matangazo yalijaa, kisha baada ya Idi yakaisha takriban yote kwa mkupuo. Mtu aliyeanza daftari Machi na kulifunga Aprili angeandika kuwa kila tangazo lilishindwa juma moja. Nami sikulihesabu tangazo lolote kuwa limekufa kwa kuwa limetoweka katika juma ambalo wenzake wote wametoweka. Nilingoja nione nani atarudi katika wiki za kawaida, na video ya nusu kwa nusu ilirudi Mei, wakati hapakuwa na sikukuu ya kumbeba mtu.

Nilimpelekea mjomba daftari, nikamweleza. Alikuwa amekwisha kuniagiza tutangaze punguzo la asilimia thelathini ili tumjibu yule wa kwanza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo maktaba haina jawabu lake.

"Sawa, mpwa wangu. Sasa huyo mteja akishalala juu ya kitanda changu asipolipa ile nusu ya pili, mbao nitamdai nani?"

Ndivyo ilivyo: maktaba huonyesha ahadi, haionyeshi gharama ya kuitimiza. Mshindani wetu huenda alikuwa akibeba madeni ambayo hayasomeki katika kadi yoyote, na mtu anayeiga ahadi pasipo kuifanyia hesabu huweza kuiga hasara. Lakini swali la mjomba lilitufikisha kwenye kiini cha ahadi yenyewe. Keko desturi ni mteja kutoa malipo ya awali, kisha kumalizia karakanani kabla kitanda hakijapakiwa. Na hofu ya mteja ni kwamba akishamaliza kulipa kitanda kitafika kikiwa na mbao tofauti na alizoonyeshwa, au hakitafika siku iliyosemwa, ilhali hana tena kitu cha kumbana fundi. Video ile haikumuuzia mteja urahisi wa bei, ilimwondolea hofu hiyo. Kwa hiyo kilichostahili kuchukuliwa si video, wala sentensi yake, bali ni maarifa kwamba kizuizi cha mnunuzi wa Keko kilikuwa katika amana kuliko katika bei.

Mjomba alipiga hesabu yake kwa kipande cha mbao na penseli. Alitaka malipo ya awali yasipungue gharama ya mbao, vanishi na usafiri, ili jambo likiharibika apoteze kazi ya mikono peke yake na si mtaji. Na aliposhika hesabu hiyo, nusu haikutosha, ikawa sehemu sita katika kumi. Akaweka sharti la pili, kwamba ahadi iwe kwa wakazi wa Dar es Salaam tu, ambako gari lake mwenyewe linafika na fundi wake mwenyewe ndiye anayefunga. Na la tatu, kwamba baki lilipwe kwa simu wakati fundi bado yumo ndani na gari lipo mlangoni. Ahadi yetu ikatoka tofauti na ya jirani, kwa kuwa karakana ni tofauti.

Bado ilikuwa dhana, na dhana hujaribiwa. Tulitoa matangazo mawili kwa wakati mmoja, kwa watu wa jiji lilelile, kila moja kwa shilingi 10,000 kwa siku, yakiwa na video moja ya kitanda kimoja: la kwanza likiahidi punguzo, la pili likiahidi kwamba baki hulipwa kitanda kikishafungwa nyumbani. Sikuhesabu ujumbe wa WhatsApp peke yake, ingawa ndio unaofurahisha macho. Niliwapa wateja alama katika simu kulingana na tangazo walikotoka, nikahesabu waliotoa malipo ya awali. Tangazo la punguzo lilileta ujumbe mwingi zaidi, na wengi wao waliuliza "bei gani?", wakajibiwa, wakanyamaza. La pili lilileta watu wachache waliouliza mambo marefu, unene wa mbao, siku za kungoja, jina la fundi. Na hao ndio waliolipa. Kama tungehukumu kwa wingi wa ujumbe tungelichagua lile la kwanza, nasi pengine tungekuwa tumeifuata njia ya yule jirani anayebadilisha picha kila wiki bila kurudia hata moja.

Mtu asidhani kuwa mipaka hii ni ya dunia nzima. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, kwa sheria ya huduma za kidijitali iliyoanza kuyabana makampuni makubwa mwezi wa Agosti 2023, tangazo la biashara hubaki katika maktaba mwaka mzima baada ya kuonekana kwa mara ya mwisho, pamoja na idadi ya watu liliowafikia, umri wao na nchi zao. Mwenye hoteli ya Unguja anayeshindana na wenzake kwa wageni wa Ujerumani aweza basi kuchagua Ujerumani katika maktaba na kuyasoma matangazo yao yaliyokwisha zimwa, kwa urefu wa maisha yake na upana wa watu wake, jambo ambalo muuza vitanda wa Keko hawezi kulipata juu ya jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Google nayo ilifungua maktaba yake mwezi wa Machi 2023, kwa anwani adstransparency.google.com, na humo mtu huona matangazo ya utafutaji na ya YouTube pamoja na siku yalipoonekana mwisho. Ni msaada kwa biashara zinazotafutwa kwa jina, ila muuzaji ambaye wateja wake wote hupitia WhatsApp atakuta humo machache.

Kwa huyo muuzaji wa WhatsApp nasema hivi. Achague washindani watatu, si kumi, ambao mteja wake huwalinganisha naye kwa kweli. Awatembelee katika maktaba siku moja ile ile kila juma. Aandike ahadi kabla ya kuitazama picha, kwa sababu picha humshawishi mtu asahau kilichoahidiwa. Ahesabu marejeo kuliko umri. Na asihukumu chochote mpaka sikukuu moja na miisho ya miezi kadhaa iwe imepita juu ya daftari lake. Kisha achukue ile sababu iliyolirudisha tangazo la mwenzake, aipigie hesabu ya gharama yake mwenyewe, na aijaribu kwa fedha kidogo akihesabu waliolipa. Wala asiahirishe kuanza kwa kudhani kuwa atayasoma hayo baadaye yote kwa pamoja, maana katika nchi zetu tangazo la biashara lililozimwa leo halitakuwamo maktabani kesho, na wiki ambayo hakuiandika hakuna mtu atakayeweza kumrejeshea, hata kwa malipo.